BQP: Kompyuta ya kwanta inaweza nini, na nani amethibitisha?

Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko New Jersey, Marekani, alionyesha kwamba kompyuta inayofuata kanuni za fizikia ya kwanta ingeweza kupata vigawo vya namba kubwa kwa muda mfupi. Habari hiyo iliwashtua watu wa usalama wa mawasiliano. Usimbaji wa RSA, ambao umelinda tovuti za benki na barua pepe kwa miongo kadhaa, unategemea ugumu wa kazi hiyohiyo: ukizidisha namba tasa mbili kubwa, zao lake unalipata papo hapo, lakini ukipewa zao peke yake na kuambiwa uzitafute zile namba mbili, unaweza kuzeeka hujazipata.

Tangu hapo imezoeleka kuandikwa magazetini kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mkupuo mmoja, na kwamba kwa hiyo hakuna hesabu itakayoishinda. Madai yote mawili yana kasoro. Tena hata dai lililo dogo zaidi, kwamba kompyuta ya kwanta inaishinda kompyuta ya kawaida katika kazi yoyote ile kwa kiwango kisichozibika, hadi leo hakuna aliyelithibitisha kihisabati. Wengi wa wataalamu wanaliamini, nami naliamini. Lakini kuamini na kuthibitisha ni mambo mawili, na katika taaluma hii tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wanaoisoma taaluma hii hawaipimi hesabu kwa sekunde, kwa sababu sekunde hutegemea mashine. Wao huuliza: swali likirefuka, kazi inaongezeka vipi? Chukua kuzidisha kwa njia tuliyofundishwa shuleni. Namba mbili za tarakimu 10 zinahitaji takribani hatua 100, maana kila tarakimu ya moja hukutana na kila tarakimu ya nyingine. Namba za tarakimu 20 zinahitaji hatua 400. Urefu umekuwa maradufu, kazi imekuwa mara nne. Maswali ambayo kazi yake hupanda kwa namna hii, kama mraba wa urefu, au mchemraba wake, au kipeo kingine chochote kisichobadilika, huwekwa katika kundi linaloitwa P.

Sasa linganisha na kutafuta vigawo kwa kujaribu kugawanya. Namba ya tarakimu 10 inakutaka ujaribu hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani hadi karibu 100,000. Ya tarakimu 20 inakutaka ufike bilioni 10. Ya tarakimu 40 inakupeleka kwenye namba yenye sifuri 20. Kila ukiongeza tarakimu mbili tu, kazi huzidi mara kumi. Zipo njia za werevu zaidi ya hiyo, na kwa njia hizo namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ilipasuliwa Februari 2020, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. Hata hivyo, njia hizo nazo haziifikishi kazi hii ndani ya P. Hakuna aliyewahi kuonyesha njia inayoifikisha, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba haipo.

Kundi la pili, NP, ni la maswali ambayo jibu likishaletwa, kulikagua ni kazi ya P, hata kama kulitafuta ni shida. Fikiria mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba ya mitihani: masomo ni mengi, siku ni chache, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kuwa na mitihani miwili saa moja. Akiletewa ratiba iliyokwisha kupangwa, ataikagua kwa kupitia majina. Kuipanga kutoka mwanzo ndiko kunakomkesha. Kila swali la P limo pia ndani ya NP, kwa kuwa unachoweza kukipata upesi unaweza pia kukikagua upesi. Kama kinyume chake ni kweli, yaani kama kila kinachokagulika upesi hupatikana upesi, hakuna anayejua. Taasisi ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayetoa jibu, na swali hilo bado liko wazi.

Ratiba ya mitihani ina sifa ya ziada. Stephen Cook mwaka 1971, na Leonid Levin katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1973, walionyesha kwamba yapo maswali ndani ya NP yaliyobeba ugumu wa kundi zima: ukipata njia ya haraka ya moja, umezipata za yote. Huitwa maswali ya NP-kamili. Mwaka 1972 Richard Karp alitoa orodha ya maswali 21 ya aina hii, na mojawapo, likivuliwa lugha ya kihisabati, ni hilihili la mwalimu wetu wa taaluma.

Kutafuta vigawo kumo pia ndani ya NP, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba ni NP-kamili, na zipo sababu nzito za kudhani siyo. Tuseme swali ni hili: je, namba hii ina kigawo kikubwa kuliko 1 na kidogo kuliko 1,000? Kama jibu ni ndiyo, nitakuonyesha kigawo chenyewe nawe utagawanya. Kama jibu ni hapana, nitakupa orodha kamili ya vigawo tasa vya namba hiyo. Utahakikisha kwamba ni tasa kweli, jambo ambalo tangu 2002 tunajua limo ndani ya P, utazizidisha, na utaona mwenyewe kwamba hakuna kilicho kidogo kuliko 1,000. Yaani ndiyo ina ushahidi mfupi, na hapana ina ushahidi mfupi. Kwa ratiba sivyo. Nikikuambia kwamba hakuna ratiba inayowezekana kabisa, sijui ushahidi gani mfupi ningekupa, na hakuna mtu duniani anayejua. Kwa hiyo anayesema kwamba Shor alivunja swali gumu na kwa hivyo NP nzima imevunjika, amechanganya maswali yenye tabia tofauti.

Hapo ndipo BQP inapoingia. Kundi hili lilifafanuliwa na Ethan Bernstein na Umesh Vazirani wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala waliyoitoa mwaka 1993. Herufi B inasimamia kosa lenye kikomo, Q ni kwanta, na P ni ileile ya muda unaopanda taratibu. Limekusanya maswali ya ndiyo au hapana ambayo kompyuta ya kwanta huyajibu kwa muda wa namna ya P, ikiruhusiwa kukosea, mradi kwa kila swali nafasi ya kupata jibu sahihi isiwe chini ya theluthi mbili. Theluthi mbili haina utakatifu wowote. Ukirudia hesabu mara 100 na kufuata jibu la wengi, nafasi ya kukosea inashuka chini ya moja kwa elfu, na ukizidi kurudia inashuka kwa kasi kubwa zaidi. Ingewekwa asilimia 51 au asilimia 99, kundi lingebaki na maswali yaleyale.

Ili kuona nguvu ya kompyuta hii inatoka wapi, tosheka kwanza na kyubiti moja. Ukiipima itakupa 0 au 1, kama biti ya kawaida. Kabla ya kupimwa, kila moja ya majibu hayo mawili ina uzito wake, na uzito huo unaweza kuwa chanya au hasi. Nafasi ya jibu kutokea ni uzito wake ukizidishwa kwa wenyewe, hivyo alama ya hasi haionekani mwishoni. Kazi yake huifanya njiani.

Ipo hatua moja ya msingi inayoitwa hatua ya Hadamard. Ikiikuta kyubiti kwenye 0, inaipa 0 na 1 uzito uleule, takribani 0.707 kila moja. Zidisha 0.707 kwa yenyewe, unapata nusu: ukiipima sasa ni kama umerusha sarafu. Ikiikuta kwenye 1, inaipa 0 uzito wa 0.707 na 1 uzito wa hasi 0.707. Fanya hatua hiyo mara mbili ukianzia 0. Kufika tena 0 kuna njia mbili, ama kupitia 0 ama kupitia 1, na kila njia ina uzito wa nusu. Ukizijumlisha unapata 1. Kufika 1 nako kuna njia mbili. Iliyopita 0 ina uzito wa nusu, na iliyopita 1 ina uzito wa hasi nusu. Ukizijumlisha unapata sifuri. Kwa hiyo ukipima, utapata 0 kila mara bila kukosa. Sarafu halisi haiwezi jambo hili: irushe mara moja au mara mbili, ubashiri wako unabaki nusu kwa nusu. Kwenye kwanta, njia mbili za kwenda kwenye jibu moja zinaweza kufutana.

Ndiyo maana ile kauli ya kujaribu majibu yote kwa mkupuo inapotosha. Kweli unaweza kuzipa uzito ratiba zote zinazowezekana kwa hatua chache. Lakini ukizipima wakati huo, utaokota ratiba moja kwa bahati nasibu, jambo ambalo ungelifanya kwa sarafu bila gharama hiyo yote. Faida inapatikana pale tu unapoweza kuzipanga njia ili zinazoelekea kwenye majibu mabaya zifutane na zinazoelekea kwenye jibu zuri zijumlishane. Ili kuzipanga hivyo, lazima swali lenyewe liwe na mpangilio wa kushikika.

Shor aliuona mpangilio huo kwenye vigawo. Tumia namba 21, ambayo vigawo vyake unavijua, ili uione mashine yake ikifanya kazi. Chagua namba yoyote isiyo na kigawo cha shirika na 21, tuseme 2. Chukua vipeo vya 2 mfululizo, na kila kimoja ukigawanye kwa 21 na kuandika baki. Utapata 2, 4, 8, 16, kisha 11, kisha 1, halafu mfululizo unaanza upya na 2. Mzunguko una urefu wa 6. Maana yake ni kwamba 2 kwa kipeo cha 6, ukitoa 1, inagawanyika kwa 21 bila baki. Na kweli, 64 kutoa 1 ni 63. Kwa kuwa 6 ni shufwa, 63 inapasuka kuwa zao la namba mbili: 8 kutoa 1, na 8 kuongeza 1, yaani 7 na 9. Vigawo vya 21 lazima vimejificha humo. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika, ile KKS ya shule ya msingi, kati ya 7 na 21: ni 7. Kati ya 9 na 21: ni 3. Kazi imekwisha.

Mambo huharibika pia, na ni vizuri kuona vipi. Kama ungechagua 4 badala ya 2, mabaki yangekuwa 4, 16, 1. Mzunguko una urefu wa 3, ambayo ni witiri, na huwezi kuugawa nusu. Kama ungechagua 5, mabaki ni 5, 4, 20, 16, 17, 1. Mzunguko ni wa 6, shufwa, lakini katikati yake kuna 20. Ukiongeza 1 unapata 21 yenyewe, na ukitoa 1 unapata 19, ambayo haina kigawo cha shirika na 21 isipokuwa 1. Umerudi mikono mitupu. Dawa ni kuchagua namba nyingine. Kwa zao la namba tasa mbili tofauti zilizo witiri, uchaguzi wa kubahatisha hufaulu angalau nusu ya mara, na kufaulu hutambulika hapohapo, kwa sababu unagawanya na kuona.

Katika maelezo yote hayo, hatua moja tu inahitaji kwanta: kuujua urefu wa mzunguko. Kwa 21 tuliuhesabu kwa mkono. Kwa namba ya RSA yenye biti 2,048, yaani tarakimu 617, mzunguko unaweza kuwa namba yenye mamia ya tarakimu, na hakuna njia ya kawaida inayojulikana ya kuufikia upesi. Kompyuta ya kwanta huzipa uzito sawa namba nyingi za kipeo, huhesabu mabaki yake, kisha hupitisha uzito wote kwenye mageuzi ya Fourie. Kwa sababu mabaki hujirudia kwa mpigo mmoja, uzito wa majibu yasiyoafiki mpigo huo karibu wote hufutana, kama zilivyofutana njia zetu mbili za kwenda 1, na kipimo hutoa namba ambayo kwayo urefu wa mzunguko unakokotolewa kwa kompyuta ya kawaida. Huo ni uthibitisho kamili, wala si tetesi: kutafuta vigawo kumo ndani ya BQP.

Kwamba P nayo imo ndani ya BQP ni jambo lililothibitishwa, kwa kuwa kila hatua ya kompyuta ya kawaida inaweza kuigwa na ya kwanta kwa gharama ndogo. Swali gumu ni la upande wa pili: BQP inafika wapi? Ule mfano wa kyubiti moja unatosha kuonyesha kikomo chake. Tulijua matokeo bila kuwa na kyubiti yoyote. Tuliorodhesha njia, tukatafuta uzito wa kila moja, tukajumlisha. Kompyuta ya kawaida inaweza kufanya hivyo kwa hesabu yoyote ya kwanta. Hatua za Hadamard zikiwa 100, njia zitakuwa 2 kwa kipeo cha 100, na kuzipitia zote kutachukua muda usiofikirika. Lakini hazihitaji kuandikwa zote kwa pamoja: unapitia njia moja, unaongeza uzito wake kwenye jumla, unaifuta, unaandika inayofuata palepale. Muda ni mkubwa mno, kumbukumbu ni ndogo. Maswali yanayojibika kwa kumbukumbu ndogo ya namna hii, muda uwe wowote, huunda kundi liitwalo PSPACE, na Bernstein na Vazirani walithibitisha hivi kwamba BQP yote imo humo. Mwaka 1997 Leonard Adleman, yuleyule ambaye jina lake ndilo A katika RSA, pamoja na Jonathan DeMarrais na Ming-Deh Huang, waliubana mpaka huo zaidi: inatosha kujua kama jumla ya njia chanya inaizidi ile ya njia hasi, na maswali ya kulinganisha idadi namna hiyo yana kundi lake, PP, lililo ndani ya PSPACE.

Matokeo ya kwanza ya mpaka huu ni kwamba kompyuta ya kwanta haiwezi kujibu chochote ambacho kompyuta ya kawaida isingekijibu ikipewa muda wa kutosha. Maswali ambayo Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hayana njia ya kujibiwa, kwanta nayo haiyagusi.

Matokeo ya pili ndiyo yanayonifanya nilione jambo hili kuwa la aina yake. P imo ndani ya BQP, na BQP imo ndani ya PSPACE. Tuseme mtu anathibitisha kesho kwamba P na BQP ni tofauti. Papo hapo atakuwa amethibitisha kwamba P na PSPACE ni tofauti. Na ajabu ni kwamba hilo nalo halijathibitishwa! Pengo kati ya muda mdogo na kumbukumbu ndogo linaonekana wazi kwa kila anayeyasoma mambo haya, lakini limewashinda watu kwa zaidi ya nusu karne. Ndiyo maana hakuna uthibitisho kwamba kompyuta ya kwanta ina nguvu zaidi. Mzigo huo hauwahusu wanafizikia peke yao. Umekwama kwenye kizingiti kilekile cha hisabati kilichoizuia P na NP.

Ushahidi tulio nao ni wa kwamba watu wametafuta njia ya kawaida na kuikosa, na ushahidi wa aina hiyo umewahi kuporomoka. Mwaka 2016 Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash walitoa njia ya kwanta ya kupendekezea watu bidhaa au filamu, na ilionekana kuziacha mbali sana njia zote za kawaida zilizojulikana. Ewin Tang, mwanafunzi wa umri wa miaka 18 katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alipewa na Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba njia ya kawaida yenye kasi hiyo haiwezekani. Uthibitisho ulikataa kutoka. Mwaka 2018 akatoa kitu kingine kabisa: njia ya kawaida yenyewe, inayochagua sampuli za data kwa namna ileile ambayo kwanta ilidhaniwa kuihitaji. Pengo lililodhaniwa kuwa kubwa mno lilipungua likawa la kawaida. Vigawo vimetafutwa kwa muda mrefu zaidi na watu wengi zaidi, kwa hiyo imani juu yake ina mizizi mirefu, lakini ni imani ya aina ileile.

Na mwalimu wetu wa taaluma je, kompyuta ya kwanta itampangia ratiba? Mwaka 1996 Lov Grover, naye wa Bell Labs, alionyesha kwamba ukitafuta kitu kimoja kati ya vitu vingi visivyo na mpangilio, kwanta hukifikia kwa hatua zilizo kama kipeuo cha pili cha idadi yao. Ratiba yenye maamuzi 60 ya ndiyo au hapana ina mipangilio zaidi ya bilioni bilioni moja. Grover anakufikisha kwa hatua zinazokaribia bilioni moja. Ni nafuu kubwa. Lakini ongeza maamuzi yawe 120, na umerudi kwenye bilioni bilioni. Ugumu umesogezwa mbele bila kuondolewa.

Je, mtu mwerevu zaidi angempita Grover? Charles Bennett, Bernstein, Gilles Brassard na Vazirani walithibitisha kwamba haiwezekani, kwa sharti moja zito. Waliweka swali ndani ya sanduku lililofungwa: unalipa sanduku jibu la kujaribu, linakuambia ndiyo au siyo, basi, huruhusiwi kuchungulia ndani. Kwa sanduku la namna hiyo kipeuo cha pili ndicho kikomo, na hakuna kompyuta ya kwanta itakayokivuka. Ila ratiba ya mitihani si sanduku lililofungwa. Orodha ya wanafunzi na masomo iko mezani, inasomeka, na labda ina siri ambayo njia zinaweza kupangwa kuifuata. Hakuna aliyeipata, na wataalamu wengi hawatarajii ipatikane, lakini kwamba NP haimo ndani ya BQP bado halijathibitishwa. Na ukifikiri kidogo utaona kwa nini: kwa kuwa P imo ndani ya BQP, atakayethibitisha kwamba kuna swali la NP lililo nje ya BQP atakuwa amethibitisha kwamba P na NP ni tofauti, na ile dola milioni ni yake.

Upande wa pili una fumbo lake. Je, BQP imo ndani ya NP? Yaani kila ambacho kompyuta ya kwanta inakijua, inaweza kukitolea ushahidi mfupi unaokagulika na kompyuta ya kawaida? Kwa vigawo, ndiyo. Lakini fikiria hesabu ya kwanta ambayo matokeo yake ni jumla ya njia nyingi kupita kiasi, chanya na hasi, zisizo na kigawo cha kukuonyesha mwishoni. Mwaka 2018 Ran Raz na Avishay Tal walithibitisha, kwa maswali ya sanduku lililofungwa tena, kwamba lipo swali ambalo kwanta hulijibu upesi, ilhali NP, hata ikiongezewa tabaka juu ya tabaka za maswali ya namna ya "je, kwa kila hatua ya mpinzani ipo hatua yangu", hailifikii. Swali lenyewe linahusu orodha mbili za namba, na linauliza kama moja inafanana na mageuzi ya Fourie ya nyingine. Aaronson alikuwa amelipendekeza karibu miaka kumi kabla. Mwaka 2021 yeye pamoja na DeVon Ingram na William Kretschmer walijenga masanduku ambayo ndani ya ulimwengu wake P ni sawa na NP, na bado BQP inaishinda P. Kwa hiyo picha ya BQP kama chumba kilichoko katikati ya P na NP, inayochorwa mara nyingi, haina uthibitisho. Inavyoelekea, kila moja kati ya BQP na NP ina maswali yasiyo ya mwenzake.

Linabaki swali ambalo wasomaji huuliza mara nyingi: itakuwaje mtu akipata kesho njia ya kawaida ya haraka ya kupasua namba kubwa? RSA itakwisha siku hiyo bila kungoja kyubiti hata moja. BQP haitakuwa imegeuka kuwa P kwa sababu hiyo, maana hakuna aliyeonyesha kwamba kutafuta vigawo kumebeba ugumu wa BQP nzima. Maswali yaliyoubeba yanajulikana na ni mengine. Moja ni kukisia mwenendo wa chembe nyingi za kwanta zinazogusana, kazi ambayo Richard Feynman aliitaja mapema miaka ya 1980 alipopendekeza kompyuta za aina hii. Jingine, linalotokana na kazi za Michael Freedman, Alexei Kitaev na Zhenghan Wang na baadaye Dorit Aharonov, Vaughan Jones na Zeph Landau, ni kukadiria namba fulani inayotambulisha fundo la kamba. Anayetaka kuonyesha kwamba kompyuta ya kwanta haina cha ziada aanzie kwenye chembe au kwenye mafundo, na hadi sasa hakuna aliyefika.